Ukihama, Funga Mita: Jinsi ya Kumaliza Akaunti ya Stima na Maji na Kurudishiwa Dipoziti

Mpangaji wa Nairobi anapojiandaa kuhama huwa na mengi ya kushughulikia: lori la kubeba vitu, rangi ya ukuta ambayo mwenye nyumba atadai, ufunguo wa kurudisha kwa keateka. Akaunti ya stima ya kulipa baada ya matumizi hukumbukwa mwisho, au haikumbukwi kabisa. Wengi hulipa bili iliyopo, hufunga mlango na kwenda zao wakiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Kampuni ya umeme haina njia ya kujua kwamba umehama mpaka umeiambia. Mkataba ulioutia sahihi siku uliyofunguliwa akaunti uko kwa jina lako na namba ya kitambulisho chako. Mpaka mkataba huo ufungwe rasmi, kila yuniti inayopita kwenye mita ile inahesabiwa kuwa ni yako, hata kama anayewasha taa ni mtu usiyemjua. Na dipoziti uliyoweka mwanzoni inabaki kwenye hesabu za kampuni, ikingoja kuliwa na bili za huyo mtu.

Makala haya yanaeleza namna ya kufunga akaunti hiyo, tukichukua mfano wa wateja wa Kenya Power wanaolipa kila mwezi baada ya kutumia, kisha tutagusa maji. Mwenye mita ya tokeni hana shida hii kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ameshalipia stima kabla ya kuitumia. Ila nyumba nyingi za zamani, majumba ya familia na maduka bado zina mita za bili ya mwezi, na huko ndiko fedha za watu hupotelea.

Kwanza, jua dipoziti yako iko mkononi mwa nani

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, tafuta risiti ya dipoziti na usome jina lililoandikwa juu yake. Hapa ndipo watu wengi hukosea njia. Kuna hali mbili, na kila moja ina mlango wake.

Hali ya kwanza: wewe mwenyewe ulienda kwa kampuni, ukajaza fomu, ukalipa dipoziti na ukapewa akaunti kwa jina lako. Risiti ni ya kampuni. Fedha hizo zinadaiwa kwa kampuni, na mwenye nyumba hahusiki nazo hata kidogo.

Hali ya pili: ulipoingia, mwenye nyumba au ajenti alikudai kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti ya nyumba, na juu yake "dipoziti ya stima" na "dipoziti ya maji". Risiti ni ya ajenti. Akaunti ya kampuni iko kwa jina la mwenye nyumba, au hata la mpangaji aliyehama miaka mingi iliyopita. Ukienda kwa kampuni kudai fedha hizo utaambiwa hujulikani, na watakuwa sahihi. Dai lako liko kwa ajenti, na litaongozwa na mkataba wako wa nyumba.

Namna rahisi ya kuthibitisha ni kuangalia bili yenyewe. Mteja wa Kenya Power anaweza kupiga *977# akaona bili ya akaunti, na bili ikichapishwa huwa na jina la mwenye akaunti. Jina likiwa lako, endelea na hatua zinazofuata. Jina likiwa la mtu mwingine, usijaribu kufunga akaunti isiyo yako. Kazi yako ni kusoma mita pamoja na ajenti siku ya kutoka, kulipa mpaka namba hiyo, na kudai dipoziti kwa aliyeipokea.

Wiki mbili kabla: karatasi na barua

Usingoje siku ya lori. Ofisi inahitaji muda wa kupanga fundi wa kuja kusoma mita, na mwisho wa mwezi ndio wakati ambao kila mtu anahama. Wiki mbili kabla ya kuondoka ni muda mzuri wa kuanza.

Kusanya kitambulisho na nakala yake, cheti cha PIN ya kodi, bili ya karibuni, risiti halisi ya dipoziti na maelezo ya akaunti yako ya benki. Kisha omba taarifa ya akaunti, yaani orodha ya bili na malipo yote ya miezi ya nyuma. Karatasi hii ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo itakayokuonyesha kama malipo fulani ya simu hayakuingia, kama kuna deni la zamani usilolijua, na kama dipoziti yako imeandikwa katika akaunti. Ni afadhali ujue hayo ukiwa bado na ufunguo mfukoni kuliko baada ya kuwa Eldoret.

Ikiwa risiti ya dipoziti imepotea, usikate tamaa, lakini anza mapema. Muulize karani kwanza kama mfumo unaonyesha kiasi na tarehe uliyolipa. Huenda ukaombwa kuripoti upotevu polisi na kupata hati yao, au kula kiapo cha maandishi kwamba risiti imepotea. Taratibu hizo zinaweza kuchukua siku kadhaa, na ukizianza baada ya kuhama zitachukua zaidi.

Kisha andika barua. Fomu ya kufunga akaunti unaweza kupewa ofisini, lakini barua yako ndiyo ushahidi wako. Haihitaji maneno mengi:

> Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja
>
> YAH: KUFUNGA AKAUNTI NAMBA ________
>
> Mimi mwenye akaunti iliyotajwa hapo juu, mita namba ________, nitahama nyumba namba ________ tarehe ________. Naomba mkataba wangu ufungwe kuanzia tarehe hiyo.
>
> Naomba pia fundi aje kusoma mita kwa mara ya mwisho tarehe ________, nami nitakuwepo. Baada ya bili ya mwisho kutolewa, naomba dipoziti yangu ya shilingi ________, risiti namba ________, ikatwe deni lolote lililobaki na salio lirudishwe kwenye akaunti ya benki niliyoambatanisha.
>
> Sahihi, namba ya kitambulisho, simu, anwani mpya.

Peleka nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Ukituma kwa barua pepe, weka jibu lenye namba ya kumbukumbu ya ombi lako. Simu pekee haitoshi. Mtu aliyekupokea leo anaweza asiwepo wiki ijayo, na hakuna atakayekumbuka mlivyoongea.

Usisahau anwani mpya. Bili ya mwisho na barua ya dipoziti zitatafuta mahali pa kwenda, na zikienda nyumba ya zamani hazitakufikia.

Siku ya kusoma mita

Lengo la siku hii ni moja: kupata namba moja ambayo wewe, kampuni na mwenye nyumba mnakubali kwamba ndipo matumizi yako yalipoishia.

Fundi akifika, simama naye mbele ya mita. Kwanza linganisha namba ya mita iliyobandikwa juu yake na ile iliyo kwenye bili. Katika ploti zenye mita kumi zilizopangwa ukutani, si ajabu mita ya nyumba namba 4 ikawa inasomwa kwa jina la nyumba namba 5. Ili kuhakikisha, zima swichi kuu ndani ya nyumba yako na utazame mita. Ya zamani yenye kisahani kinachozunguka inapaswa kusimama. Ya kidijitali, taa ndogo inayomweka inapaswa kuacha kumweka kwa kasi yake ya kawaida. Ikiwa mita inaendelea kukimbia huku nyumba yako iko gizani, kuna jambo: ama si mita yako, ama kuna mtu mwingine ameunganishwa kwenye waya wako. Dai jambo hilo liandikwe kabla ya namba yoyote kukubaliwa.

Kisha soma namba yenyewe. Kwenye mita ya zamani, soma tarakimu kutoka kushoto kwenda kulia. Tarakimu ya mwisho ikiwa nyekundu, au imetengwa na nyingine kwa koma, hiyo ni sehemu ya yuniti na haihesabiwi. Mita inayoonyesha 18421 kisha 7 nyekundu ina yuniti 18,421. Kosa la kusoma tarakimu hiyo ya mwisho linaifanya 18,421 kuwa 184,217. Kwenye mita ya kidijitali, kioo hubadilika kila baada ya sekunde chache kikionyesha tarehe, saa na vitu vingine. Subiri mpaka ionekane namba yenye herufi kWh, ambayo ndiyo jumla ya yuniti.

Piga picha tatu. Ya kwanza ionyeshe namba ya mita na usomaji pamoja katika picha moja, kwa sababu picha ya usomaji peke yake inaweza kuwa ya mita yoyote. Ya pili ionyeshe sili za mita zikiwa hazijakatwa. Ya tatu iwe ya karatasi iliyoandikwa usomaji na tarehe, na sahihi za fundi, wewe, na mwenye nyumba au keateka wake.

Picha ya sili ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na mkaguzi akikuta sili imekatwa hutafuta kwanza jina lililo kwenye akaunti. Ikiwa ulihama na sili zikiwa salama, uwe na la kuonyesha.

Ikitokea fundi hakuja siku mliyopanga, usiondoke mikono mitupu. Soma mita mwenyewe mbele ya keateka, piga picha zile zile, andikeni karatasi na mtie sahihi, kisha itume siku hiyo hiyo kwa ofisi uliyopeleka barua, ukitaja namba yako ya kumbukumbu. Kampuni inaweza kuja kuthibitisha baadaye, lakini tarehe na namba yako vitakuwa vimeshaingia kwenye faili.

Bili ya kukadiria: hapa ndipo hesabu hubadilika

Kuna miezi ambayo msomaji mita hafiki. Geti limefungwa, kuna mbwa, au eneo halikufikiwa. Mwezi kama huo kampuni hutoa bili ya kukadiria, ikifuata wastani wa matumizi yako. Ukiendelea kukaa, makosa ya makadirio husahihishwa mita inaposomwa tena. Ukihama kabla ya kusahihishwa, kosa hilo linabaki nawe.

Chukua mfano wa mpangaji wa Buruburu. Mara ya mwisho mita yake kusomwa kweli ilikuwa 18,240. Miezi miwili iliyofuata ilikadiriwa, yuniti 130 kila mwezi. Kwa hiyo bili ya kwanza ilimfikisha 18,370, naye akailipa. Ya pili ilimfikisha 18,500, na hajailipa. Siku ya kuhama, mita inasoma 18,421. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, kila yuniti pamoja na kodi na ada zote inamgharimu shilingi 28, na dipoziti yake ni shilingi 2,500.

Akiondoka bila kusema lolote, bili ya pili ni yuniti 130 mara 28, yaani shilingi 3,640. Kampuni ikikata dipoziti yote, bado atadaiwa shilingi 1,140. Ataamini kwamba dipoziti yake imeisha kihalali.

Akidai bili ya mwisho ifuate mita, hesabu inageuka. Kutoka 18,370 alizolipia hadi 18,421 ni yuniti 51 tu. Mara 28 ni shilingi 1,428. Dipoziti ya 2,500 ikitolewa hiyo 1,428, anarudishiwa shilingi 1,072. Mpangaji yule yule, stima ile ile, lakini badala ya kudaiwa 1,140 anapokea 1,072. Tofauti nzima, shilingi 2,212, ni zile yuniti 79 ambazo hakuzitumia.

Kwa hiyo unapopokea bili ya mwisho, tazama vitu viwili kabla ya jumla ya fedha: usomaji wa mwisho ulioandikwa, na kama umetajwa kuwa ni wa mita au wa kukadiria. Usomaji usipolingana na picha yako, irudishe bili hiyo pamoja na picha na karatasi yenye sahihi.

Makadirio yanaweza pia kwenda upande wa pili. Ikiwa ulikuwa unakadiriwa chini ya unachotumia, usomaji wa mwisho utaibua yuniti nyingi kwa mkupuo. Hizo ni zako na utazilipa, lakini angalia zimehesabiwaje. Tangu bei za Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia 31 hadi 100, na wanaozidi 100, na bei ya yuniti hupanda kwa kila kundi. Yuniti za miezi minne zikihesabiwa kana kwamba ulizitumia mwezi mmoja, unaweza kuangukia kundi la bei ya juu ambalo si lako. Omba kwa maandishi zigawanywe kwenye miezi zilipotumika.

Maji: mita ndogo, maswali yale yale

Katika maghorofa mengi ya kupangisha, kampuni ya maji ina mita moja tu ya jengo zima, na mwenye nyumba ameweka mita ndogo kwa kila mpangaji. Hapo huna akaunti na Kampuni ya Maji ya Nairobi wala ya Mombasa. Unahesabiana na mwenye nyumba, na dipoziti ya maji iko kwake. Ukiwa na nyumba yenye mita yake na akaunti kwa jina lako, hatua ni zile zile za stima: barua, usomaji wa mwisho, bili ya mwisho, ombi la dipoziti.

Usomaji wa mita ya maji una namna yake. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000. Nyekundu, au mishale midogo myekundu, ni lita. Anayesoma bili hutumia nyeusi tu. Ikiwa nyeusi ni 0412 na nyekundu 637, usomaji wako ni 412.

Kabla ya usomaji wa mwisho, fanya jaribio dogo. Funga mifereji yote, hakikisha tangi la choo limejaa na mashine ya kufulia haifanyi kazi, kisha tazama kinyota au kipembetatu kidogo katikati ya uso wa mita. Kinapaswa kutulia kabisa. Kikiendelea kuzunguka, hata polepole, maji yanavuja mahali fulani baada ya mita. Mara nyingi ni tangi la choo linalopitisha maji kimyakimya. Mwonyeshe keateka na mwandike. Tatizo la uvujaji ni kwamba linaendelea baada ya wewe kuondoka, nyumba ikiwa tupu, na likikutwa mwezi ujao litaandikwa kwa jina ambalo bado liko kwenye akaunti.

Makosa ya mita ya maji hugharimu mara mbili mahali palipo na bomba la maji taka, kwa sababu ada ya maji taka huhesabiwa kwa kufuata maji uliyotumia. Yuniti tano zilizozidishwa zitaonekana kwenye mistari miwili ya bili.

Baada ya kusoma, funga koki kuu iliyo karibu na mita, nayo uipige picha ikiwa imefungwa.

Msomaji wa Tanzania atakuta hali tofauti kidogo. Stima ya nyumbani kwa wengi ni ya LUKU, inayolipiwa kabla. Maji ya DAWASA na mamlaka nyingine hulipwa baada ya kutumia, na mara nyingi akaunti ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayehama asome mita pamoja na mwenye nyumba, aombe bili ya kufikia namba hiyo, ailipe kwa kontro namba ya bili hiyo, kisha aachiwe maandishi kwamba hadaiwi.

Kudai dipoziti mpaka iingie benki

Dipoziti hairudi yenyewe. Kufunga akaunti ni ombi moja, na kurudishiwa fedha ni ombi la pili, hata kama umeyaandika kwenye barua moja. Ukiwa kaunta, uliza kwa maneno haya: "Ombi la dipoziti limefunguliwa? Namba yake ni ipi?" Ukipewa namba ya kufunga akaunti peke yake, kazi imefanyika nusu.

Mambo yanayokwamisha malipo ni machache na yanajulikana. Jina la kwenye risiti halilingani na kitambulisho, kwa mfano mtu aliyefungua akaunti kwa jina la ukoo la mume kisha kitambulisho kina jina la baba. Akaunti ya benki iko kwa jina la mtu mwingine. Akaunti ya stima ina deni dogo la shilingi mia mbili ambalo halikulipwa. Au bili nyingine imetolewa baada ya usomaji wa mwisho kwa sababu mfumo haukufungwa. Kwa hiyo, mwezi mmoja baada ya kuhama, piga *977# tena utazame akaunti ile. Ikiwa kuna bili mpya, mkataba haujafungwa. Rudi na barua yako yenye muhuri siku hiyo hiyo.

Ikiwa unahamia nyumba nyingine yenye mita ya bili chini ya kampuni ile ile, uliza kama dipoziti inaweza kuhamishiwa akaunti mpya. Inaweza kukuokolea muda wa kungoja malipo. Ombi hilo nalo liwe kwa maandishi, na uhakikishe imeonekana kwenye akaunti mpya kabla ya kuchana risiti ya zamani.

Lipa bili ya mwisho kwa njia rasmi tu. Kwa bili za Kenya Power ni Pay Bill 888888 na namba ya akaunti yako. Mtu akikuambia umtumie yeye "akufungie haraka", fedha hizo hazitaonekana kwenye akaunti, na deni litabaki lako.

Bili ya mwisho ikisoma sifuri, mpe mwenye nyumba nakala. Wengi hushikilia dipoziti ya nyumba wakisubiri kuona hakuna deni la stima wala maji, na karatasi hiyo inawaondolea sababu.

Usimwachie mpangaji mpya jina lako

Kuna mpango unaopendwa sana kwa sababu ni mwepesi. Mpangaji anayeingia anakupa shilingi 2,500 mkononi, unamwachia akaunti ikiwa hai, na hakuna anayesumbuka kwenda ofisini. Mwenye nyumba naye anaufurahia, kwa kuwa stima haikatwi.

Ukikubali mpango huo, umeuza kinga yako yote kwa bei ya dipoziti. Mgeni akilimbikiza bili za miezi mitano, deni ni lako. Akiunganisha waya kinyume cha sheria, jina lililo kwenye faili ni lako. Utakapoomba akaunti nyingine kwa kitambulisho chako, deni hilo linaweza kukusubiri kaunta.

Kama mwenye nyumba anaogopa stima kukatwa, kuna njia halali. Nendeni ofisini pamoja na mpangaji mpya siku moja. Wewe unafunga mkataba wako kwa usomaji mliokubaliana, yeye anafungua wake kwa usomaji huo huo na kulipa dipoziti yake mwenyewe. Namba yako ya mwisho inakuwa namba yake ya kwanza, na kila mmoja anabeba mzigo wake.

Ukizungushwa

Ikiwa umefuata hatua zote na ofisi inakwambia "rudi wiki ijayo" kila wiki, acha kwenda kaunta na uanze kuandika malalamiko. La kwanza lielekezwe kwa kampuni yenyewe, likitaja namba ya akaunti, tarehe ya barua ya kwanza, usomaji wa mwisho na namba ya ombi la dipoziti. Ambatanisha picha. Kampuni isipojibu au ukikataa jibu lake, malalamiko ya stima yanapelekwa kwa EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na uamuzi wa EPRA unaweza kukatiwa rufaa kwenye Mahakama Maalumu ya Nishati na Petroli. Malalamiko dhidi ya kampuni ya maji yanakwenda WASREB, iliyo chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kwa Tanzania Bara, stima na maji vyote viko chini ya EWURA.

Wasimamizi hao hawataanza kwa kukuuliza ulikaa nyumba ile kwa muda gani wala ulikuwa mlipaji mzuri kiasi gani. Watataka kuona ulitoa taarifa lini, mita ilisoma ngapi, na nani alishuhudia. Basi usirudishe ufunguo kabla ya kuwa na vitu vitatu mkononi: barua yenye muhuri, picha ya mita yenye namba na usomaji wake, na karatasi ya usomaji wa mwisho yenye sahihi ya mwenye nyumba au keateka.